aux_loss imeganda 2.0

"Wakuu, nina modeli ya MoE yenye wataalamu 8, top_k=2, aux_loss imeganda 2.0 haishuki, ruta imekufa?"

— Haijafa mkuu, hapo ndo kama sakafu yake. Tokeni zikigawanyika sawa, f ya kila mtaalamu, yaani sehemu ya tokeni anazopelekewa, ni 0.25, na P, yaani wastani wa uwezekano anaopewa na ruta, ni 0.125. Zidisha, jumlisha wote 8, zidisha tena kwa 8, unapata 2. Zingerundikana kwa wawili tu ungeona karibu 8.

— Mi huwa naongeza koefishenti mpaka ifike 0

— Haifiki 0 hiyo bro, utavuruga tu losi kuu. Ila angalizo, P zikiwa karibu sawa kwa wote bado utasoma 2 hata kama f zimeegemea wawili, so hesabu tokeni za kila mtaalamu kwa kila leya, usiiamini namba moja.