Msambazaji alipopandisha bei ya unga katikati ya mkataba

Mwaka wa pili wa kiwanda changu cha mikate pale Morogoro, nilikuwa na mkataba wa unga wa ngano kuanzia Machi hadi Februari: mifuko 120 ya kilo 50 kila mwezi, Sh 78,000 kwa mfuko. Katikati ya Julai nikapokea barua fupi kutoka kwa msambazaji: kuanzia Agosti 1 bei itakuwa Sh 86,000, "kutokana na hali ya soko". Kwa miezi saba iliyobaki, hiyo ilikuwa Sh 6,720,000 zaidi.

Nilitaka kupiga simu nigombe. Nashukuru nilifungua mkataba kwanza. Nilitafuta mambo matatu: kama bei imefungwa kwa muda wote, kama kuna kipengele cha kuipitia upya, na kama upande mmoja unaweza kuvunja mkataba kwa notisi. Wangu ulifunga bei, ukasema mabadiliko yoyote yawe kwa maandishi yenye saini za pande zote mbili. Wako ukiruhusu bei kupitiwa upya, au kuvunjwa kwa notisi ya siku 30, barua ya kukataa haitakufikisha mbali. Afadhali mkae mjadiliane.

Jambo la pili lilikuwa deni. Nilikuwa na ankara ya Juni iliyopitiliza siku tisa, nikailipa asubuhi ile ile. Usidai mkataba uheshimiwe huku wewe mwenyewe umeuvunja.

Kisha nikaandika hivi:

"Tumepokea barua yenu kuhusu bei mpya. Kipengele cha 4 kinaweka bei ya Sh 78,000 kwa mfuko hadi mwisho wa Februari, na hatujasaini mabadiliko yoyote. Kwa hiyo hatukubali ongezeko hilo. Tutaendelea kuagiza na kulipa kwa bei ya mkataba. Ankara itakayozidi bei hiyo tutalipa sehemu isiyo na mgogoro tu. Tafadhali tuthibitishieni kwa maandishi kabla ya Julai 28 kwamba mzigo wa Agosti utakuja kama kawaida. Bei ya mkataba ujao tuko tayari kuizungumza kuanzia Januari."

Sikuweka vitisho vya mahakama. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia, lakini hiyo niliiweka akiba kwa barua ya pili. Hii ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikasainiwa na kugongwa mhuri kwenye nakala yangu.

Hatari kubwa ilikuwa stoo. Kijana wa mapokezi angesaini hati ya mzigo yenye bei mpya, au mhasibu angelipa ankara kimya kimya, msambazaji angepata hoja kwamba tumekubali. Nikawaagiza wote wawili: ukiona 86,000, andika kwa kalamu "imepokelewa kwa bei ya mkataba" kabla ya saini.

Mzigo wa Agosti ulikuja na 86,000. Kijana akaandika, sisi tukalipa kwa 78,000. Wiki iliyofuata ililetwa ankara iliyosahihishwa, na bei haikuguswa tena hadi Februari.