Mistari B: maji ya moyo au nimonia?

"Wakuu, mgonjwa anahema sana, nimeweka probu ya ultrasaundi kifuani naona mistari B, ile myeupe inayoshuka. Nitajuaje ni maji ya mapafuni yanayoletwa na moyo au nimonia?"

Mkuu, tazama mistari imekaa wapi na utando wa pafu ukoje. Juzi zamu ya usiku tulipokea mama wa miaka 60 na kitu, oksijeni 84%, kifua kinapiga filimbi, nusura tumtibu pumu. Kuweka probu mbele, kila nafasi ya mbavu ina mistari mitatu au zaidi, kulia na kushoto sawasawa, utando mwembamba unateleza vizuri. Presha 210/120. Hayo ni maji ya moyo. Dawa za naitreti na furosemaidi zikamtuliza.

Nimonia haina mpangilio huo. Mistari hujazana upande mmoja au mabaka mabaka, katikati kuna sehemu safi, na utando umekwaruzika, hautelezi sawasawa. Sogea nyuma, chini: pafu laweza kuonekana kama ini, lenye vidoti vyeupe vinavyotembea na pumzi. Nimonia ya virusi huweza kushika pande zote, kwa hiyo usiusahau ule utando.

Ukiona weusi juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na uti wa mgongo unaonekana hadi ng'ambo yake, ni maji nje ya pafu.

Hewa nje ya pafu je? Penye mistari B, hapo haipo. Pafu kutoteleza peke yake hakutoshi, maana hata mshikamano wa utando hufanya hivyo. Sogeza probu ubavuni utafute pale linapoanza kuteleza, ndipo uthibitishe hewa ipo. Ila mgonjwa akizidiwa na presha inashuka, usitafute, toa hewa.