Kikomo cha bei ya unga: mbona hesabu yangu inaonyesha jamii imefaidika?

SWALI: Habari mwalimu. Nimepewa asainmenti ya soko la unga, mahitaji ni P = 300 − 2Q na ugavi ni P = 60 + Q, P ni bei kwa shilingi na Q ni maelfu ya pakiti za kilo 2 kwa wiki, alafu serikali inaweka kikomo cha bei cha shilingi 120. Ziada ya wanunuzi, yaani walichokuwa tayari kulipa toa walicholipa, nimepata imetoka 6,400 ikapanda hadi 8,100, na ya wauzaji, yaani walicholipwa toa kiwango cha chini ambacho wangekubali, imeshuka kutoka 3,200 hadi 1,800. Nikijumlisha naona jumla imeongezeka na 300, na notsi zinasema lazima kuwe na hasara. Nimekosea wapi? Na ni kweli wanunuzi hufaidika kila mara bei ikishushwa? – Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kahawa West

JIBU: Mwanangu, upande wa wauzaji uko sawa kabisa, usiuguse. Kosa liko kwa hiyo 8,100, na nimefurahi sana ulijumlisha ukashtuka, manake hiyo jumla ndo inakamata hili kosa. Soko kama hili, bila kodi, bila ruzuku na bila madhara kwa watu wa nje, kikomo cha bei hakiwezi kuongeza jumla ya ziada hata siku moja. Ukiona imeongezeka jua umehesabu pakiti ambazo hazipo.

Wewe ulifanya hivi: ulienda kwa laini ya mahitaji ukauliza kwa bei ya 120 watu wanataka pakiti ngapi, ukapata 90, ukachora pembetatu nzima kutoka 300 hadi 120, nusu ya 180 mara 90, ndo hiyo 8,100. Sasa rudi kwa laini ya ugavi uulize hiyo hiyo bei inaleta pakiti ngapi sokoni. 120 = 60 + Q, Q ni 60. Wenye kusaga unga wanaleta elfu 60 peke yake, so kwa hizo elfu 30 zingine umewapa watu furaha ya unga ambao haukusagwa. Kikomo kikibana, idadi inayouzwa inaamuliwa na upande mfupi, na upande mfupi hapa ni ugavi. Kila kitu unachohesabu baada ya kikomo, cha mnunuzi na cha muuzaji, kinaishia kwa Q = 60.

Turudie pole pole. Kabla ya kikomo laini zinakutana 300 − 2Q = 60 + Q, Q ni 80 na bei ni 140. Kikomo cha 120 kiko chini ya 140 kwa hivo kinabana (kingekuwa 150 hakuna kitu kingebadilika na ungeandika sifuri kote ukaenda kulala). Alafu kuna namba moja wanafunzi wengi husahau kuitafuta: kwa pakiti 60, mnunuzi wa mwisho alikuwa tayari kulipa ngapi? Weka 60 kwa mahitaji, 300 − 120, unapata 180. Hiyo 180 iandike kwa grafu kabla hujapiga hesabu yoyote, manake bila hiyo huwezi pata urefu wa pembetatu iliyopotea.

Sasa wanunuzi wamepatwa na mambo mawili. Wale waliopata unga wameokoa bob 20 kwa kila pakiti, 140 toa 120, mara 60, ni 1,200, na hiyo imetoka moja kwa moja kwa mfuko wa muuzaji. Alafu kuna pakiti 20 zilizokuwa zinanunuliwa zamani na sasa hazipo, na ziada yake ni pembetatu kati ya 180 na 140, nusu ya 40 mara 20, ni 400. Wauzaji nao wamepoteza ile 1,200 pamoja na pembetatu yao ndogo chini ya 140, nusu ya 20 mara 20, ni 200.

```
Wanunuzi:  +1200 − 400 = +800   (6400 → 7200)
Wauzaji:   −1200 − 200 = −1400  (3200 → 1800)
Jamii:     +800 − 1400 = −600   (9600 → 9000)
```

Hiyo 600 ni zile pembetatu mbili, 400 na 200, haijaenda kwa mtu yeyote, imepotea. Na usisahau Q iko kwa maelfu, so 800 ni shilingi laki nane kwa wiki. Nimeona mtu akiandika "wanunuzi wote wa mji wamefaidika na shilingi 800" kwa ripoti ya kazi na hakuna aliyeshtuka mpaka mkutanoni.

Hapo asainmenti imeisha na utapata maksi zako. Lakini swali lako la pili ndo lenye uzito, na hapa notsi nyingi zinapita haraka sana.

Hiyo +800 imejificha nyuma ya dhana moja kubwa: kwamba zile pakiti 60 zimechukuliwa na watu 60 wanaozithamini zaidi, wa 300 kushuka hadi 180, na wa 150 au 130 wamekaa nyumbani kwa adabu. Nani anawapanga hivyo? Bei ndo hupanga watu, na bei tumeifunga. Julai 2022 serikali ilipotangaza pakiti ya kilo 2 ishuke kutoka 205 hadi 100 nilikuwa naenda duka moja Kayole, sitalitaja, rafu ya unga ilikuwa tupu kabisa, kumebaki ule vumbi mweupe kwa chuma, na kijana wa pale anaitoa moja moja kutoka stoo kwa watu anaowajua sura. Nyuma yangu mama mwenye watoto watatu amekosa, mbele yangu jamaa amepata na alikuwa amekuja kununua mkate, ameichukua tu kwa sababu ni rahisi. (Ile ya 2022 ilikuwa na ruzuku juu yake, serikali iliahidi kuwalipa wenye kusaga, kwa hivo usiiingize kwa hii hesabu kama kikomo kitupu, ungelazimika kuongeza gharama ya serikali. Lakini ile rafu inakuonyesha kinachotokea pakiti zikiwa chache kuliko watu.)

Basi tuchukue kwamba unga unaenda kwa bahati. Watu 90 wanautaka kwa 120, pakiti ni 60, kila mmoja ana nafasi 2 kati ya 3. Na hapa ndo ile 8,100 yako inapata kazi, manake ni ziada ya watu wote 90 kama kila mtu angepata. Ichukue mara 2/3, unapata 5,400. Linganisha na 6,400 ya mwanzo: wanunuzi wamepoteza 1,000! Bei imeshuka, idadi ni ile ile 60, muuzaji yuko pale pale kwa 1,800, lakini wanunuzi kama kundi wameumia, na hasara ya jamii imetoka 600 ikawa 2,400. Hiyo hasara ya 1,800 iliyoongezeka haikutokana na unga kupungua, imetokana na unga kufika kwa mtu asiyeuhitaji sana.

Foleni ni kitu kingine tena. Kama mtu hawezi kupata kwa kujulikana wala kwa bahati, atalipa kwa masaa yake. Wale walioshinda kwa laini za petroli hapa Nairobi Aprili 2022 wanajua hii bila kuchora grafu. Kwa mfano wetu mnunuzi wa mwisho yuko tayari kwa 180 na anatoa 120 tu, kwa hivo anaweza kusimama mpaka muda aliopoteza ufike thamani ya bob 60. Kama foleni inarefuka mpaka hapo, na kila mtu muda wake una thamani moja, unatoa 60 mara pakiti 60, ni 3,600, ziada ya wanunuzi inabaki 3,600 kutoka 6,400. Hapo wamepoteza 2,800, na tofauti na magendo, ambapo angalau hiyo bob 60 inaingia kwa mfuko wa mtu anayeuza nyuma ya duka, muda wa foleni hauendi kwa mtu yeyote. Ndo maana mimi nikiulizwa kikomo kimesaidia watu, kitu cha kwanza nauliza ni ulisimama muda gani.

Kwa hivo jibu la "kila mara" ni hapana, na hata ukishika ile dhana nzuri kwamba unga unawafikia wanaouthamini zaidi, bado ni hapana. Tuseme kikomo kimeshusha bei na x kutoka 140. Pakiti zinabaki 80 − x, wanaopata wanaokoa x(80 − x), na pembetatu iliyopotea ni x² kwa sababu laini ya mahitaji ina mteremko wa 2. Mabadiliko ya wanunuzi ni:

```
80x − 2x²
```

Inafika juu kabisa x ikiwa 20, yaani kikomo cha 120, hicho chako, nadhani mwalimu wako alikichagua makusudi. Ukishusha zaidi faida inapungua, ukifika kikomo cha 100 inakuwa sifuri kamili, na kwa 90 wanunuzi wako chini kwa 1,000 ingawa kila anayepata unga anatabasamu. Hiyo nukta ya sifuri inategemea mteremko wa laini zako. Ugavi ukiwa mgumu kusonga, kama mahindi yaliyoshavunwa na yako tayari ghalani, pakiti hazipungui sana na wanunuzi wanaweza kufaidika hata kwa kikomo cha chini. Msimu unaofuata mkulima akishaamua kupanda kitu kingine laini ya ugavi inalala, na hesabu ile ile uliyoifanya wiki ya kwanza inageuka alama. So kwa asainmenti andika +800, −1,400 na −600, alafu chini yake weka sentensi moja kwamba umechukulia unga unawafikia wanaouthamini zaidi, na kama kuna nafasi weka ile ya bahati kando yake, −1,000.