Maswali na majibu: Kabla hujabandika emoji inayotrendi

Emoji gani inatrendi wiki hii, tuiweke kwenye kampeni yetu?

Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara anayeuliza hasemi kampeni yake inahusu nini. Silijibu tena.

Sisi ni kikundi kidogo, tunahamasisha watu wachangie damu. Nimetafuta #🩸 Instagram nikakuta machapisho mengi mno. Si tuitumie ili nasi tuonekane?

Wewe angalau umetaja kazi yako, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Idadi inayotokea pembeni ya alama ya reli haipimi kinachotrendi. Ni lundo la machapisho yote yaliyowahi kuwekewa alama hiyo, ya jana pamoja na ya miaka iliyopita. Tena inakusanya yale tu ambayo mtu aliandika # kisha akabandika emoji hapo hapo bila nafasi. Watu wengi hawafanyi hivyo. Wanaandika maneno yao, wanamalizia na emoji, basi, na hao wote hawamo kwenye lundo lako. Wanaojisumbua kuweka # mbele ya emoji aghalabu ni wale wanaorundika alama ili wavue wapita njia.

Kwa hiyo achana na idadi, fungua machapisho yenyewe. Tumia simu ya mtu asiyefuata kurasa za afya, maana Instagram inapanga matokeo kwa kuangalia anayetafuta ni nani, na yako yatakudanganya kwamba dunia nzima inazungumzia damu. Pitia machapisho 40. Soma maelezo na tarehe, usitazame picha peke yake, kisha kila chapisho ulitie kwenye fungu mojawapo: linalohusu kuchangia damu, lenye maana nyingine isiyo na madhara, na lile ambalo usingependa jina la kikundi chako lionekane karibu nalo.

Tuseme umepata 6 ya kuchangia damu. Mengine 20 ni tatuu, filamu za kutisha na maneno ya muziki, 8 ni ya hedhi, na 6 yana picha za majeraha. Hapo jibu unalo. Anayefungua #🩸 hakuja kutafuta kituo cha kuchangia damu, na ukijipenyeza humo utapata macho yasiyo na haja nawe. Mimi, kama machapisho yanayohusiana na kazi yangu hayafiki robo, siitegemei emoji hiyo kuniletea mtu.

Hayo ya hedhi hayakuingia kwa bahati mbaya. Shirika la Plan International UK ndilo lililopigania iwepo emoji ya hedhi. Pendekezo lao la kwanza, la chupi yenye matone ya damu, lilikataliwa. Wakaungana na NHS Blood and Transplant, taasisi inayoshughulikia damu huko Uingereza, wakapendekeza tone peke yake, nalo likaingia mwaka 2019 kwenye orodha ya Unicode, inayoamua emoji zipi ziwemo kwenye simu. Yaani emoji hii ilizaliwa na wazazi wawili, mmoja wa hedhi na mmoja wa damu ya kuchangia. Mwenzako wa kampeni ya hedhi ana haki nayo sawasawa na wewe, kwa hiyo usije ukaandika chini ya chapisho lake kwamba ameiba alama yenu. Nimeshaona ugomvi wa namna hiyo, na haukumletea mgonjwa yeyote damu.

Sasa tafuta mara ya pili, safari hii emoji pamoja na maneno yenu. Kwenye X unaandika hivi:

```
"changia damu" 🩸 -filter:retweets
```

Hicho kipande cha mwisho kinaondoa machapisho yaliyorudiwa tu. Ukikuta wachangiaji wenyewe wanaweka tone wanapoeleza siku walipochangia, basi emoji ni yenu pia: itumie mara moja, mwishoni mwa sentensi inayosema mahali, siku na saa. Ukikuta ni kurasa za taasisi peke yake, utakuwa unaiga matangazo. Na jambo ambalo hukuuliza: simu ambayo mfumo wake haujasasishwa tangu kabla ya 2019 itaonyesha kiboksi kitupu badala ya tone. Mtumie mwenye simu kuukuu kuliko wote kikundini kabla hamjaposti.

Tumeanzisha #ChangiaDamu🩸 lakini X inaonyesha #ChangiaDamu tu, emoji imebaki pembeni. Tatizo ni simu yangu?

Simu yako haina kosa. X inaikata alama ya reli pale emoji inapoanza. Instagram, ambayo iliruhusu emoji ndani ya alama ya reli tangu Aprili 2015, inazichukua zote pamoja, na hapo #ChangiaDamu na #ChangiaDamu🩸 ni alama mbili tofauti. Mnajigawa wenyewe bila kujua: nusu ya watu wenu wataandika na tone, nusu bila tone, na kila upande utaonekana mdogo. Andikeni #ChangiaDamu, acheni nafasi, ndipo mweke 🩸.

Tukipanga emoji kumi mfululizo si tutaonekana haraka zaidi?

Asiyeona anasomewa skrini na simu yake, na programu hiyo inataja kila emoji kwa jina lake. Atasikia "tone la damu" mara kumi kabla hajafika kwenye saa ya kufungua kituo, kama bado yupo.

Kwenye meseji za jumla tuliongeza emoji moja tu, malipo yakawa mara mbili. Kampuni imetuibia?

Haikuibi. Meseji ya herufi za kawaida inabeba hadi herufi 160. Ukiingiza emoji hata moja, meseji nzima inabadilishiwa mfumo wa uandishi na nafasi inashuka hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya nafasi 67, kwa kuwa sehemu kidogo ya kila kipande inatumika kuviunganisha upya kwenye simu ya mpokeaji. Maandishi yenu ya herufi 130 yalikuwa meseji moja. Tone la damu lenyewe linachukua nafasi mbili, jumla 132, ambazo ni vipande viwili, na kila kipande kinalipiwa. Huku kwenye meseji msiweke emoji kabisa, hata ingekuwa inatrendi dunia nzima. Na mchunguze alama za kunukuu zilizopinda mnazonakili kutoka kwenye kompyuta, kwani nazo zinaleta hasara hiyo hiyo bila mtu kuziona.

Nimetafuta emoji fulani kwa alama ya reli, haileti kitu, ila kwenye machapisho naiona kila mahali. Inamaanisha haijachukuliwa na mtu, tuiwahi?

Msiiwahi. Emoji inayotumika kila mahali halafu haitafutiki, mara nyingi imefungiwa. Instagram ilipofungua mlango wa emoji mwaka 2015, bilinganya 🍆 ilizuiwa mapema kwa sababu ya yaliyokuwa yakipostiwa chini yake. Muulizeni kijana yeyote kikundini inamaanisha nini. Akicheka kabla hajajibu, tafuteni nyingine.