Viungo Arobaini na Kimoja Visivyosema Neno

Wadogo zangu wa mwaka wa pili wa udaktari, wiki iliyopita mmoja wenu alinionyesha kwenye kompyuta ramani ya notsi zake katika programu ya Obsidian, vidoti mamia, kila kimoja notsi, vilivyounganishwa kwa viungo vinavyoonekana kama nyuzi za utando wa buibui, naye akitabasamu kama mtu aliyekwisha kufaulu mtihani. Niliweka kidole kwenye uzi unaotoka enalaprili kwenda potasiamu, nikamuuliza uzi ule unasema nini. Akajibu kwamba vitu hivyo vinahusiana. Jibu hilo nalifahamu vizuri, kwa sababu miaka minne iliyopita nililitoa mimi mwenyewe mbele ya watu, na hadi leo linaniuma. Ndiyo maana nawaandikia kanuni hizi nne za kuunganisha notsi.

1. Dhana moja, notsi moja. Kiungo kinachoelekea kwenye notsi iitwayo "Lekcha ya 7 Figo" kinakutupa katika kurasa kumi na nne ukautafute mstari mmoja.

2. Kila kiungo kikae ndani ya sentensi yenye kitenzi. Hapa naomba mnivumilie, kwa maana hoja hii niliilipia.

Nilipokuwa mwaka wa tatu nilikuwa nikiunganisha kila neno nililolitambua. Notsi yangu ya aldosteroni ilikuwa na viungo 41, vyote vimepangwa chini kabisa kwa kichwa cha "Tazama pia", na Jumapili moja niliimaliza nzima nikivipaka vidoti rangi kufuata mifumo ya mwili. Majuma machache baadaye, katika raundi ya wodini, tulisimama kando ya kitanda cha mama mmoja mwenye moyo uliochoka. Alikuwa akitumia enalaprili, akaongezewa spironolaktoni, na sasa potasiamu yake ilisoma 6.4. Daktari bingwa akanigeukia: kwa nini dawa mbili, kila moja ikiwa sahihi kwa ugonjwa huu, zikikutana zinapandisha potasiamu? Nilikiona kidoti cha aldosteroni akilini, ningeweza hata kutaja rangi yake. Nikasema, "Zinahusiana kupitia aldosteroni, daktari." Akauliza, "Zinahusiana vipi?" Nikanyamaza. Muuguzi aliyeshika faili akainamisha macho kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kukemewa. Mwenzangu aliyekuwa akiandika katika daftari la kawaida, lenye jalada lililochanika, alieleza kwa sentensi mbili tu.

Usiku ule niliifuta "Tazama pia" yote, nikaanza upya hivi:

```
# Aldosteroni
Huchochewa na [[Anjiotensini II]], na pia
[[Potasiamu]] ya damu inapopanda.
Huifanya figo ibakize [[Sodiamu]] na kutoa [[Potasiamu]].
[[Spironolaktoni]] huziba kipokezi chake, hivyo potasiamu
hubaki mwilini: [[Haiperkalemia]].
```

Tazameni vitenzi: huchochewa, ibakize, kutoa, huziba. Kwenye notsi ya enalaprili niliandika kwamba dawa hiyo huzuia anjiotensini I isigeuzwe kuwa anjiotensini II, kwa hiyo aldosteroni hupungua. Hapo ndipo swali la daktari lilipojijibu lenyewe: dawa moja inapunguza homoni, nyingine inaizuia ile kidogo iliyobaki isifanye kazi, na figo inakosa njia yake kubwa ya kutoa potasiamu. Ukiwa kwenye notsi ya aldosteroni, spironolaktoni iko hapo hapo na sentensi yake, na orodha ya viungo vinavyoingia inakuonyesha enalaprili na sentensi yake. Kati ya vile viungo 41, vilivyoweza kupewa kitenzi vilikuwa saba. Vilivyobaki vilikuwa mapambo.

3. Chagueni tahajia moja ya kila dhana, na zile nyingine muziweke kwenye `aliases`, yaani majina mengine ya notsi hiyo hiyo, la sivyo mtakuwa na aldosteroni mbili zisizojuana.

4. Msiogope kuunganisha na notsi ambayo haijaandikwa. Obsidian inakiruhusu kiungo cha namna hiyo, nacho kinabaki kama deni linaloonekana.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sikulijua hadi nilipoketi na yule mdogo wangu mwenye utando. Nilimwambia aandike sentensi ya uzi wake wa enalaprili na potasiamu. Akaandika "enalaprili hupandisha potasiamu", ambayo ni kweli, lakini nilipomuuliza inapandishaje, akakwama. Tulipochunguza tuligundua kwamba hakuwa na notsi ya anjiotensini II kabisa, na ile ya aldosteroni ilikuwa kichwa kitupu. Uzi wake ulikuwa umeruka hatua mbili. Tangu siku hiyo, nikiona kiungo ambacho mwenyewe hawezi kukieleza, kwanza naitafuta notsi inayokosekana katikati. Mara chache kosa huwa la kumbukumbu yake. Tulipofunga kompyuta, uzi ule ulikuwa umekatwa, na mahali pake palikuwa na notsi mbili, moja ikiwa na mistari mitatu na nyingine bado haina kitu.