p ndogo, alama 0.6

"Utafiti wa programu ya kusoma una wanafunzi 20,000 na p = 0.005. Si ina maana watoto wamepanda sana?"

Hapana. p hiyo inasema tu kwamba tofauti ya namna hii ingetokea kwa nadra kama programu haina athari yoyote. Tuseme kila kundi, lenye programu na lisilo nayo, lina watoto 10,000, na mchepuo sanifu, yaani jinsi alama za watoto zinavyotawanyika, ni alama 15. Kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi inavyoweza kuyumba kwa bahati tu, ni kama alama 0.21, kwa hiyo pengo la alama 0.6 tu linatosha kukupa p yako. Gawa 0.6 kwa 15: ukubwa wa athari ni 0.04. (Hapa kila mtoto amegawiwa peke yake, zikigawiwa shule nzima, kosa sanifu hukua.)

Mwenzetu mmoja alisema athari ya 0.2 daima ni ndogo; anafuata vipimo vya mwanatakwimu Jacob Cohen. Lakini mtafiti wa elimu Matthew Kraft, 2020, akiangalia majaribio ya elimu yenye mitihani sanifu, aliita chini ya 0.05 ndogo, na 0.20 kwenda juu kubwa. Tazama pia nani alitunga mtihani. Ule wa watafiti wenyewe mara nyingi huonyesha athari kubwa zaidi. Kama programu ni rahisi mno kwa gharama, hata 0.04 mimi ningeijadili.