Usihesabu Vituo, Soma Majina: Nilivyopotea Ndani ya Treni ya London

Juma lililopita binti mmoja wa Jinja aliniandikia kwamba anakwenda London kusoma, naye atakaa kwa shangazi yake karibu na kituo cha Tooting Broadway. Aliniuliza, "Dada, nikiwa ndani ya treni nitajuaje pa kushuka?" Swali lake liligusa kidonda, kwa kuwa kituo hicho hicho ndicho nilichoanzia safari yangu ya mwaka 2023, nikiwa na sampuli za kahawa yetu ya Bugisu mkobani na miadi na mnunuzi karibu na kituo cha Tottenham Court Road.

Sisi wa Kampala tumezoea takisi, ambamo unamwambia kondakta unaposhukia naye anakukumbusha. Ndani ya treni ile ya chini ya ardhi hapana kondakta wa kumwuliza. Kuna utepe mrefu uliobandikwa juu ya milango ya behewa, wenye mstari mweusi wa njia ya Northern na majina ya vituo vyote. Kituo cha kawaida huonyeshwa kwa kijipande kifupi kinachochomoza kwenye mstari. Kituo cha kubadilishia treni huonyeshwa kwa duara, na kando yake huandikwa njia nyingine zinazopita hapo.

Usiku uliotangulia nilihesabu kwenye ramani kwamba kituo changu kilikuwa cha 13 baada ya Tooting Broadway, nami nikaona hesabu hiyo inanitosha. Asubuhi nilipanda treni ya kuelekea kaskazini, nikawa nakunja kidole kila iliposimama: Tooting Bec, Balham, hadi Kennington, ambacho ni cha 8. Nilipofikisha 13 nilishuka kwa furaha, nikapanda hadi barabarani, nikaanza kuwauliza watu jengo ambalo hawakulijua. Nilikuwa Moorgate.

Kosa langu lilikuwa Kennington. Hapo mstari wa utepe hugawanyika kuwa matawi mawili, ambayo hukutana tena mbele, Camden Town. Tawi moja hupitia Waterloo, Embankment, Charing Cross na Leicester Square, kisha Tottenham Court Road. La pili hupitia Elephant & Castle, Borough, London Bridge na Bank, kisha Moorgate. Vituo vitano huku, vitano kule, kwa hiyo vidole vyangu havikuweza kunionya. Utepe wenyewe nao huonyesha matawi yote mawili bila kusema treni uliyomo inafuata lipi, kwa sababu utepe ule ule hubandikwa katika treni zote za njia hiyo. Jibu huandikwa kwenye ubao wa jukwaani kabla hujapanda, kwa maneno kama `via Bank`, na treni nyingi zinazotoka upande wa Morden, kituo cha mwisho kusini, hupitia huko.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tafuta kwanza panapogawanyika mstari, kisha ushike jina la kituo cha kwanza katika kila tawi. Treni ikiondoka Kennington, sauti ikitangaza Waterloo, tulia. Ikitangaza Elephant & Castle, umo katika tawi lisilo lako. Afadhali zaidi ni kushuka pale pale Kennington na kuvuka hadi jukwaa la pili la kaskazini, lililo kando yake, ungoje treni ya Charing Cross.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba hata nilipokwisha kupotea, utepe ulikuwa bado unanipa njia. Kando ya duara la Bank pameandikwa jina la njia ya Central. Kama ningeinua macho ningeshuka hapo, nikapanda Central kuelekea magharibi, na baada ya St Paul's, Chancery Lane na Holborn ningefika Tottenham Court Road. Badala yake nilifika kwa mnunuzi nimechelewa dakika 50, nikaambiwa amekwisha kutoka, na kahawa ile nikarudi nayo Mbale.

Jambo jingine ni upande wa kusomea. Utepe ulio sawa ukibandikwa kwenye kuta zote mbili za behewa, ukutani mmoja vituo hufuatana kama treni inavyokwenda, na ukutani wa pili hufuatana kinyume. Usiamini kulia wala kushoto. Soma jina la kituo ulichotoka, kisha jina lililotangazwa. Upande lilipo hilo la pili ndiko unakokwenda. Wala usipime muda kwa nafasi kati ya majina, kwani utepe haukuchorwa kwa vipimo vya umbali. Soma majina, tena uyasome kabla mlango haujafunguka.

Mwaka uliofuata nilirudi na sampuli mpya. Kennington nilishuka, nikavuka jukwaa, nikasubiri. Sauti ilipotangaza Waterloo nililitazama jina lile juu ya mlango, na vituo vinne baadaye nilishuka nikiwa na robo saa mkononi.